Barua kwa mwanangu: kabla hujapeleka maharage shuleni

"Shikamoo mama. Nina milioni nne nilizojiwekea. Nimechoka kuuza rejareja, mteja mmoja mmoja. Watu wanasema kuuzia shule na ofisi ndiko kwenye pesa. Kuna shule ya bweni huku ina wanafunzi mia nne, bwana stoo ananiambia nipeleke maharage. Nichukue?"

Marahaba mwanangu.

Usichukue bado. Kaa kwanza na kalamu, maana hesabu inayoua biashara ya aina hii siyo ya faida. Ni ya siku.

Shule ya bweni hukadiria maharage kama gramu 120 kwa mwanafunzi kwa siku. Wanafunzi 400 ni kilo 48 kwa siku, na kwa wiki mbili ni kama kilo 700, yaani gunia saba za kilo mia. Na ziwe za kilo mia kweli, usije na lumbesa. Tuchukulie umenunua soko la Tandale, ukachagua, ukabeba mpaka shuleni, na kilo moja imekusimamia shilingi 2,300. Shule inakupa 2,700. Kila mzigo unakula mtaji wa 1,610,000 na faida yake ni 280,000. Hapo ndipo watu huanza kuchekelea.

Sasa uliza watakulipa lini. Shule nyingi hazilipi mlangoni. Unapeleka mzigo, unaacha ankara, unasubiri. Wakikuambia siku 45, hesabu hivi: mzigo wa kwanza unaingia leo, wa pili siku ya 14, wa tatu siku ya 28, wa nne siku ya 42. Umeshapeleka mizigo minne na hujashika hata senti. Hiyo ni 6,440,000 imelala shuleni, nawe una milioni nne. Mizigo miwili utaimudu, ule wa tatu hutaweza. Siku ya 28 bwana stoo atakupigia simu, "Mama maharage yako wapi, watoto wanakula nini kesho?" Wewe huna la kumjibu, naye atamtafuta mwingine. Ukienda kudai hela yako baada ya hapo utakaa kwenye benchi la mhasibu mpaka benchi likuzoee.

Na siku 45 ni ahadi tu. Shule binafsi inaishi kwa ada, na ada huingia kwa wingi shule zinapofunguliwa, Januari na Julai. Kuanzia Machi wazazi wanalipa kwa kusuasua, nayo shule inakulipa kwa kusuasua. Mzigo wa Februari ulipwe Mei, usishangae. Shule za serikali ni habari nyingine: zabuni zao zinapitia mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, NeST, ulioanza kutumika 2023 badala ya TANePS, na kwenye malipo ya bidhaa wanakata asilimia 2 ya kodi ya zuio. Asilimia 2 hiyo isipokuwa ndani ya bei yako, inatoka kwenye faida.

Kwa hiyo kwa mtaji wako, tafuta shule ya kutwa yenye watoto mia na hamsini wanaokula mchana tu. Siku kumi za masomo ndani ya wiki mbili, gramu zilezile, ni kilo 180, mtaji wa 414,000 kwa mzigo. Mizigo minne ikilala bila kulipwa ni 1,656,000. Bado una zaidi ya milioni mbili mkononi, na ukikutana na bei nzuri Tandale unaweza kununua. Kama unaitaka hiyo ya bweni kwa nguvu zote, nenda kwa mkuu wa shule, siyo bwana stoo, umwambie mapema: mzigo wa kwanza ulipwe kabla wa tatu haujashuka. Akikataa, mwambie utapeleka nusu, nusu nyingine achukue kwa mtu mwingine. Shule zenye akili zinapenda kuwa na watu wawili.

Sasa maharage yenyewe. Mwaka ambao wewe ulikuwa darasa la tano nilipata maharage kwa bei ya kutupa. Mazuri kwa macho, safi, hayana tundu hata moja la bungua. Nikapeleka kwenye shule moja gunia tano. Kesho yake saa saba mchana mpishi ananipigia, sauti ya kulia: "Mama, nimebandika tangu alfajiri, bado yanagonga." Kuni zimeisha, watoto wamepewa uji. Mzigo wote ukarudishwa kwa gari langu.

Yalikuwa ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Maharage yakikaa hivyo yanakuwa magumu ndani, hata uloweke usiku kucha hayalainiki sawasawa. Siku hizi siangalii sura. Nanunua konzi moja, nalowesha usiku, asubuhi nachemsha sufuria yake kando ya sufuria ya yale ninayoyajua kuwa mapya. Ya zamani pia huwa na rangi iliyogeuka kuelekea weusi au kahawia ukiyalinganisha na mapya ya aina ileile. Na usichanganye mavuno mawili kwenye gunia moja, maana nusu itaiva na kupondeka, nusu itabaki inagonga, na mpishi hatakusamehe. Mpishi ndiye anayekuweka au kukutoa, siyo bwana stoo, ingawa bwana stoo ndiye anayejifanya.

Jambo lingine la karatasi. Hati ya kupokea mzigo iandikwe kilo kutoka kwenye mizani yao, siyo "gunia saba". Niliwahi kusainiwa gunia, miezi miwili baadaye mhasibu akasema gunia zangu zilikuwa za kilo 90. Sikuwa na la kumwonyesha, nikalipwa kilo 90. Pima mbele ya bwana stoo, aandike kilo kwa mkono wake, asaini, nawe ubaki na nakala. Ankara iambatane na hati hiyo na risiti ya EFD. Kitu kimoja kikikosekana, faili lako linakaa chini ya mengine.

Ulinigusia pia habari ya usafi wa ofisi na kuandika hesabu za maduka. Usafi una ugonjwa uleule wa siku, ila mkali zaidi: wafanyakazi wanataka mshahara mwisho wa mwezi, ofisi inakulipa baada ya mwezi na nusu. Gunia linaweza kungoja, mfagiaji hawezi. Kuandika hesabu za maduka kunataka mtaji mdogo kuliko vyote, lakini mwenye duka anakuonyesha daftari lake baada ya kukuamini, na hilo huchukua miezi. Nadhani wewe una subira hiyo kuliko unavyojua, tutaongea.

Kwenye basi la leo la saa nne nimempa kondakta vifuko viwili vya maharage ya njano, kimoja kina uzi mwekundu. Ukivipokea jioni, viloweke usiku kwenye bakuli mbalimbali, asubuhi uchemshe kwenye sufuria mbili kwa moto uleule, kisha unipigie uniambie kipi kimenunuliwa wiki hii na kipi nimekihifadhi tangu mwaka juzi.

Mama yako