Karatasi ikikwama kila mara: maswali yenu kuhusu printa ya leza

Printa yangu inakwamisha karatasi kila baada ya kurasa tatu nne. Nianzie wapi?

Kabla hujaivuta, tazama karatasi imesimama wapi. Ikiwa bado iko kwenye trei, rola ya kuvutia inateleza. Zikiingia mbili kwa pamoja, shuku pedi ya kutenganisha. Ikijikunjakunja karibu na mlango wa nyuma, tatizo liko kwenye fyuza, ile sehemu ya joto inayogandisha tona kwenye karatasi, au ni karatasi yenyewe. Kisha itoe polepole kwa mikono miwili, kufuata upande ilikokuwa ikielekea. Ikichanika, tafuta kila kipande, kwa sababu kidogo tu kikibaki kwenye kihisi, printa itaendelea kudai imekwama hata kama njia ni nyeupe.

Rola naiona nzima, haijapasuka. Nitajuaje kama imechoka?

Macho hudanganya hapa, tumia kidole. Rola nzuri hushika ngozi, iliyochoka ni laini na inang'aa. Hivi karibuni nilipewa printa iliyokwama mara 4 katika karatasi 20 za trei. Nikachukua 20 nyingine kutoka rimu ileile, nikazipitisha moja moja kwenye mlango wa mkono, zikapita zote. Hapo karatasi na fyuza vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, ikabaki trei.

Nilizima, nikachomoa waya, nikatoa katriji ya tona na kuifunika isipigwe na mwanga. Rola niliifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa maji kidogo, huku nikiizungusha mpaka vumbi la karatasi likaisha, nikaiacha ikauke. Ikafanya kazi wiki mbili tu, ikarudia. Ukiona hivyo, mpira umekuwa mgumu na kusafisha hakutaurudisha. Nilibadilisha rola na pedi yake kwa pamoja, na nawasihi mfanye vivyo hivyo: rola mpya juu ya pedi iliyolika huvuta karatasi mbili mbili.

Karatasi zinatoka zimepinda, zina mvuke. Printa imeungua?

Hapana, huo ni unyevu. Fyuza hufikia karibu nyuzi joto 200 za Selsiasi, kwa hiyo maji yaliyojificha kwenye karatasi hugeuka mvuke na karatasi hujipinda ikiwa bado njiani. Rimu iliyoachwa wazi utaijua kwa kingo zenye mawimbi. Fungua rimu mpya, weka karatasi chache, uchape. Zikipita, printa yako ni nzima. Zinazobaki zirudishe kwenye ganda lake, mbali na sakafu na ukuta.

Nimebadilisha rola, karatasi ni kavu, bado inakwama nyuma.

Basi ichunguze fyuza, baada ya kuiacha ipoe angalau nusu saa. Ukikuta utando wake umechanika, au tona inafutika kwa kidole na doa lilelile linajirudia kwa umbali uleule kwenye ukurasa, badilisha fyuza nzima.