Fyuzi Moja Ikikatika: Jinsi ya Kupata Mifuatano Mitatu ya Mkondo

Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja huku inazunguka, mara nyingi haisimami. Inaendelea kuunguruma, na kama mzigo ni mwepesi, mkondo unaweza kubaki chini ya kiwango cha ulinzi na rilei isikate. Wakati huohuo rota inaungua. Ukipima ukubwa wa mkondo peke yake, hatari hii huioni. Ndiyo maana inafaa kuugawa mkondo kwa njia aliyoitoa mhandisi Fortescue mwaka 1918: mfuatano chanya I1, hasi I2 na sifuri I0.

```
a  = 1∠120°
I0 = (Ia + Ib + Ic) / 3
I1 = (Ia + a·Ib + a²·Ic) / 3
I2 = (Ia + a²·Ib + a·Ic) / 3
```

Kuzidisha kwa a ni kuuzungusha mshale wa mkondo nyuzi 120 tu. Urefu wake haubadiliki.

Tuseme fyuzi ya fezi C imekatika na mota haina waya wa nyutro. Mkondo unaoingia kwa A lazima utokee kwa B, kwa hiyo Ia = 10∠0°, Ib = 10∠180°, Ic = 0. Jumla ni sifuri, hivyo I0 = 0. Kwa I1, Ib inazungushwa hadi nyuzi 300. Ukijumlisha na Ia na kugawa kwa 3 unapata 5.77∠−30°. Kwa I2, Ib inafika nyuzi 60, na jibu ni 5.77∠30°. Hakiki: I0 + I1 + I2 lazima irudishe Ia, na hapa inarudi 10 kamili.

Tazama hapo: mfuatano hasi ni sawa kwa ukubwa na ule chanya. Uga wake unazunguka kinyume na rota, kwa hiyo kwenye umeme wa 50 Hz rota inapata mkondo wa karibu 100 Hz. Mkondo huo unajibana juujuu ya fito za rota, na joto linapanda haraka.

Mita ya kubana haikupi pembe, na bila pembe huwezi kupata I1 na I2. Tumia kichambuzi cha umeme. Ila I0 ni rahisi: bana nyaya zote tatu za fezi kwa pamoja. Unachosoma ni mara tatu ya I0, kwa hiyo gawa kwa 3.

Kama I2 inatoka kubwa na I1 karibu sifuri ilhali mota inafanya kazi vizuri, umebadilishana fezi mbili za kipimo. Na kama mikondo mitatu ni 10 kila mmoja, lakini unapata I1 ya 3.33 huku I2 na I0 zikiwa 6.67, basi CT moja, yaani transfoma ya kupimia mkondo, imefungwa kinyume. Zima umeme kwanza, kisha geuza nyaya zake za upande wa pili. Ukiufungua upande huo mkondo ukiwa unapita, volti za hatari hujitokeza kwenye ncha zake.