Fimbo inayoanguka kwenye sakafu isiyo na msuguano

"Kwa nini kitako kinateleza, halafu katikati ya fimbo inashuka wima tu?"

Uzito unavuta chini, sakafu inasukuma juu, basi. Hakuna nguvu ya kusukuma kando, kwa hiyo katikati haina cha kuipeleka kushoto wala kulia. Ila fimbo inazunguka: kichwa kikienda kulia, kitako kinaponyoka kushoto. Fimbo ya mita 1 yenye unene sawa, ikianza imesimama wima, katikati inashuka sentimita 50 na kitako kinateleza sentimita 50. Utamu wenyewe: fimbo inapolala, mwendo wa kitako unakuwa sifuri.

— Nimejaribu na kalamu mezani, ncha imeganda kwanza!

Meza yako ina msuguano, ndugu. Huo ndio unaosukuma katikati pembeni.