Hatua ya nane ndiyo iliyokuwa ikituulia kapasita

Kiwanda nilichokitumikia miaka kadhaa kiko Mafinga, kinamenya magogo ya paini na mkaratusi kuwa veneya. Umeme tunaupokea kwenye transfoma moja ya kVA 1000 inayotoa volti 400. Mota nyingi za misumeno na za kusukumia magogo zinazunguka bure karibu nusu ya siku zikisubiri gogo lifike, na mota inayozunguka bure inavuta mkondo mwingi wa sumaku huku kazi ikiwa ndogo. Ndiyo maana pawa fakta yetu, yaani sehemu ya umeme tunaovuta inayofanya kazi kweli, ilikuwa 0.72. Kwa kilowati 600 za kazi tulikuwa tunalipia kVA 833.

Dawa yake ni kapasita, ambazo hutoa mkondo huo wa sumaku palepale kiwandani, na hesabu ya kilovar zake haikuwa na shida. Kutoka 0.72 kwenda 0.95 kila kilowati inahitaji kilovar 0.63 hivi, kwa hiyo 600 mara 0.63 ni 378. Paneli ililetwa ya kilovar 400, hatua nane za 50, kapasita za kawaida bila riakta. Kwa karatasi ilikuwa sahihi kabisa, na bili ya kwanza ilishuka.

Kisha kapasita zikaanza kufa. Nilikuta moja imevimba kifuniko, wiki mbili baadaye nyingine, kisha fyuzi za hatua mbili zikakatika mchana mmoja. Muuzaji akasema zilikuwa bechi mbaya, tukabadilisha. Za bechi mpya zikafa vilevile. Kilichonifungua macho ni daftari la zamu: karibu matukio yote yalikuwa kati ya saa tano na saa tisa mchana, wakati kiwanda kimejaa na kontrola imeingiza hatua zote nane. Asubuhi, hatua tano au sita zikiwa ndani, paneli ilikuwa imetulia.

Siku moja saa saba mchana nilisimama mbele ya paneli nikiwa na klampu mbili za kupimia mkondo. Kapasita ya kilovar 50 kwenye volti 400 inatakiwa kuvuta ampea 72. Hatua saba zikiwa ndani nilisoma 81. Nikaingiza ya nane kwa mkono, paneli ikabadilika sauti palepale, kutoka mvumo wa kawaida hadi mlio mwembamba kama wa nyuki walioguswa mzinga, na mita ikapanda hadi 104 kwenye kila hatua, si ya nane peke yake. Hiyo ni mara 1.44 ya mkondo wake, na kapasita ya kawaida imetengenezwa kuvumilia mara 1.3 tu kwa kudumu. Klampu ya pili, ya bei nafuu, ambayo haipimi thamani halisi ya wimbi lililopinda, ilisoma 88. Kama ningekuwa na hiyo peke yake ningesema hali si mbaya. Ukipima kapasita, tumia mita iliyoandikwa True RMS.

Sababu ni hii. Draivu, yaani vidhibiti vya kasi ya mota, za feni za kukaushia na ya mashine ya kumenyea, kilowati 200 hivi kwa jumla, hazivuti mkondo laini, zinaung'ata vipande vipande. Draivu ya fezi tatu ya aina ya kawaida inarudisha kwenye nyaya haramoniki ya 5, ya 7, ya 11 na ya 13, yaani hezi 250, 350, 550 na 650. Zenyewe si kubwa sana. Lakini transfoma ni koili, na koili ikikaa sambamba na kapasita hufanya bembea: ina masafa yake inayopenda kuyumba nayo. Ukiisukuma kwa masafa hayohayo, msukumo mdogo unazaa mkondo mkubwa unaozunguka kati ya transfoma na kapasita. Hiyo ndiyo resonansi, na inakokotolewa kwa mstari mmoja:

```
n = sqrt(Ssc / Qc)
```

`Ssc` ni nguvu ya shoti ya transfoma. Yetu ina impidansi ya asilimia 5, kwa hiyo 1000 gawanya kwa 0.05 ni kVA 20,000. `Qc` ni kilovar zilizo ndani kwa wakati huo. Weka 400: 20,000 gawanya kwa 400 ni 50, na kipeuo chake cha pili ni 7.07. Tulikuwa tumeikalia haramoniki ya 7. Kwa hatua saba jibu ni 7.6, kwa sita ni 8.2, kwa tatu ni 11.5. Kadiri kontrola inavyoongeza hatua, resonansi inashuka ngazi, na kwetu ngazi ya mwisho ilikuwa juu ya shimo.

Bosi aliuliza swali la haki: kwa nini tusifunge hatua ya nane, au tuongeze ya tisa na ya kumi turuke hapo? Nilimjibu kwamba kapasita huchoka na kupungua, hivyo namba itahama yenyewe, na ukiongeza unaielekea haramoniki ya 5, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Tena tukiwasha jenereta, nguvu ya shoti inashuka sana na hesabu yote inabadilika. Ukiwa na draivu nyingi, usicheze kamari na resonansi. Ihamishe mahali pasipo na haramoniki.

Kazi hiyo inafanywa na riakta: koili inayounganishwa mfululizo na kapasita ya kila hatua. Tulichagua ya asilimia 7, maana yake kwenye hezi 50 ukinzani wa koili ni asilimia 7 ya ule wa kapasita. Wawili hao wana masafa yao wenyewe, hezi 189, yaani mara 3.78 ya hezi 50. Juu ya hapo hatua nzima inaonekana kwa mtandao kama koili, na koili mbele ya koili haifanyi bembea. Kwa hiyo hezi 250 na 350 zinakosa pa kuchezea. Bembea ya paneli nzima na transfoma haijatoweka, imehamia kwenye mara 3.4 hivi, ambako draivu zetu hazipigi. Kama kiwanda chako kina haramoniki ya 3 nyingi kwenye volteji, chagua riakta ya asilimia 14, ambayo inashusha masafa hadi hezi 134. Pima kwanza kabla ya kuagiza.

Sasa sehemu ambayo watu wengi huikosea, na sisi pia tuliikosea baadaye. Riakta inapandisha volti kwenye kapasita. Volti 400 ukigawanya kwa 0.93 ni 430. Na Mafinga usiku mzigo ukipungua mara nyingi nasoma 415, ambayo inakuwa 446, kabla hujaongeza mchango wa haramoniki. Kapasita ya volti 400 au 440 hapo haina maisha. Tuliagiza za volti 480. Lakini kapasita ya volti 480 ukiitumia kwenye 400 haitoi kilovar zilizoandikwa juu yake. Ili hatua itoe 50 halisi, hesabu ni hii:

```
50 x 0.93 x (480/400)^2 = 67
```

Kwa hiyo kwenye kopo kunatakiwa kuandikwa kilovar 67 kwa volti 480, na kila mguu wa delta uwe na maikrofaradi 308. Hiyo namba ya 308 ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu riakta imefumwa kwa ajili yake.

Paneli mpya ilikaa vizuri. Kila hatua ilivuta ampea 77 hivi, iwe ziko mbili ndani au nane, mlio ule haukurudi, na kVA zikashuka hadi karibu 632. Mwaka wa pili kapasita ya hatua ya tatu ilipata hitilafu nikiwa likizo Tukuyu. Kijana wetu akaenda dukani na karatasi iliyoandikwa "hatua ya kilovar 50, volti 480". Akauziwa alichoomba, kopo la kilovar 50 la volti 480, akafunga, taa ya hatua ikawaka, akanipigia: "Kaka, nimemaliza, iko sawa."

Niliporudi nikapitisha klampu. Hatua saba zilisoma 77, ya tatu ikasoma 61.

"Hii ni ndogo, lakini si ndiyo nzuri? Haijachoka," kijana akasema.

Nilimpa kalamu tukakokotoa pamoja. Kopo lile lina maikrofaradi 230 badala ya 308. Kwenye volti 400 lilikuwa linatoa kilovar 37, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba koili ile ile na kapasita iliyopungua robo zinapandisha masafa kutoka hezi 189 hadi 219. Umbali wake na hezi 250 ulikuwa umepungua kwa nusu, na kapasita yenyewe bado mpya. Ikichoka itaendelea kuisogelea, na haramoniki ya 5 itaanza kumiminika kwenye hatua hiyo moja kana kwamba ni mfereji wa kiwanda kizima. Kati ya ampea 61 tulizosoma, sehemu ilikuwa tayari ni hiyo. Tulilitoa siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye kwenye baa moja hatua zenye riakta na zisizo nazo. Zile tupu zinarudisha bembea uliyolipia kuiondoa.

Riakta zina joto, kila hatua inatoa kama wati 250, hivyo paneli yetu ni sawa na pasi mbili za umeme zilizofungiwa ndani ya kabati. Vumbi la mbao likiziba chujio cha feni, kapasita zitapikwa hata kama hesabu ni safi. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haibebi joto kama ya pwani, kwa hiyo baridi ya Julai isikudanganye. Kila riakta ina swichi ya joto. Hakikisha imeungwa mfululizo na koili ya kontakta ya hatua yake. Nimewahi kufungua paneli nikakuta nyaya hizo zinaning'inia.

Sasa kila Januari tunazima, tunasubiri dakika kumi, tunahakikisha kwa mita kwamba volti zimekwisha, tunafungua nyaya za kila kapasita na kupima maikrofaradi. Ukipima kati ya vichwa viwili vya delta, mita haisomi 308, inasoma mara moja na nusu yake, 462. Namba hiyo tumeiandika kwa rangi ndani ya mlango wa paneli, na chini yake: "Ikisoma chini ya 415, toa." Mara ya mwisho hatua saba zilisoma kati ya 452 na 460. Ya sita ilisoma 431, na kopo lake jipya, la kilovar 67, liko stoo.