Mteja akiandika "Mambo" tu, usihesabu majibu, hesabu maombi

Ukiuza vitenge Kariakoo unazijua meseji za WhatsApp zisizo na kitu ndani: "Mambo", "Habari", "Samahani dada". Jibu lako la kwanza ndilo linaloamua kama huyo mtu atafika kwenye kuulizia mzigo, na njia ya kujua ni kuangalia mazungumzo yanakatikia wapi.

Chukua daftari, uorodheshe mazungumzo yaliyoanza kwa salamu tupu peke yake. Aliyeanza na "kitenge hiki bei gani?" muache pembeni, huyo amekuja na shida yake mkononi na atakupambia hesabu bure. Kwa kila mmoja andika ulimjibu nini, baada ya muda gani, na aliishia wapi: alinyamaza palepale, alirudisha salamu kisha kimya, au alitaja anachotaka. Mimi nahesabu ombi pale tu anapotaja kitu cha kushika: aina, rangi, bei, au duka lilipo.

Tuseme una mazungumzo 40. Nusu uliwajibu "Poa, za kwako?" na nusu "Poa dada, karibu. Unatafuta cha kushona mwenyewe au sare ya shughuli?" Kwa jibu la kwanza wakarudi watu 15, lakini waliotaja shida yao ni 5. Kwa la pili wakarudi 11, na 9 wakataja. Ukihesabu majibu utalisifia la kwanza, kumbe watu 10 wameishia kwenye "nzuri tu". Walikusalimia kwa adabu, wewe ukawarudishia salamu bila kuwafungulia mlango.

Hata hivyo, 5 na 9 kati ya 20 inaweza kuwa bahati tu. Endelea kuandika mpaka pengo lionekane wiki baada ya wiki. Na yapokezane majibu kwa siku, leo hili kesho lile, kwa sababu jibu zuri lililochelewa kwa saa tano litashindwa na jibu baya lililokwenda dakika ileile, nawe utalaumu maneno wakati kosa ni la muda. Kama umewasha salamu ya kujituma yenyewe ya WhatsApp Business, hiyo ndiyo jibu lako la kwanza, iandike hivyo. Humfikia mteja mpya, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano.

Usiandike "amekata" kabla siku nzima haijapita. Wengi huandika usiku wakiwa kitandani, wakaendelea kesho yake mchana.

Kisha tazama nani aliandika wa mwisho. Ikiwa ni wewe, mteja ndiye aliyeondoka. Ikiwa ni yeye, na amesema "natafuta cha njano", basi wewe ndiye uliyemuacha, na hilo halitibiwi kwa kubadilisha salamu. Waliopiga simu au kufika dukani hawataonekana kwenye meseji, kwa hiyo muulize anayefika kama alishaandika, umtafute kwa namba yake umrekebishie mstari wake.