Alfa ni 0.86, lakini je, ni wazo moja?

*"Hojaji yangu kwa abiria wa matatu hapa Nairobi ina maswali 10 ya kuridhika na huduma. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, ni 0.86. Naweza kujumlisha alama zote?"*

Ngoja kwanza, ndugu. Alfa hupanda maswali yakiwa mengi, hata kama yanapima mambo mawili. Kwenye R, d ikiwa jedwali la majibu yako, anza hivi:

```r
library(psych)
fa.parallel(d, fa = "fa")
fa(d, nfactors = 2, rotate = "oblimin")
```

Amri ya fa.parallel hulinganisha data yako na data ya kubahatisha, ikapendekeza idadi ya faktori, yaani mambo yaliyojificha nyuma ya majibu. Ikisema 2, soma maneno ya maswali yaliyoangukia faktori ya pili. Hapa wengi huteleza. Tuseme ni "Gari lilikuwa chafu", "Kondakta alinijibu vibaya" na "Sikurudishiwa chenji". Yote yameulizwa kwa upande hasi! Ikiwa "Gari lilikuwa chafu" limeshikana na chenji, likaachana na "Viti vilikuwa safi", huenda kinachoyaunganisha ni namna ya kuuliza. Kugeuza alama (1 iwe 5) hubadilisha ishara tu, hakuondoi tatizo. Andika upya baadhi kwa upande chanya, ukusanye majibu mapya. Mgawanyiko ukibaki, mathalani usafi kando na kondakta kando, toa alama mbili.