Mtoto amemeza vidonge visivyojulikana: hatua za mwanzo

"Nimemkuta mwanangu wa miaka miwili ana vidonge mdomoni, hatujui ni vya nini wala amemeza vingapi. Nianze na nini, na nimpigie nani?"

Pole sana, mama. Mtoe kwa kidole mabaki unayoyaona mdomoni bila kumchokonoa koo, kisha mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anacheza. Kwa walio Moshi ni Mawenzi au KCMC, na kwa Arusha ni Mount Meru. Mmoja atafute usafiri huku mwingine akipiga 199, namba ya Wizara ya Afya, lakini msisubiri simu ipokelewe ndipo muondoke. Akilegea au akisinzia, mlazeni ubavu na msimpe chochote mdomoni. Akishindwa kupumua au akipata degedege, simameni kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi.

Bebeni pakiti, bahasha ya dawa, vidonge vilivyobaki, hata kile kilichotemwa. Mwulizeni kila mtu wa nyumbani, hasa bibi na babu, anatumia dawa gani, na mkumbuke saa mliyomkuta mtoto.

Nasema hivyo kwa sababu ya mjukuu wa dada yangu hapa Moshi. Alikutwa sebuleni na bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1x1" tu, bila jina la dawa. Jirani alikwisha kukoroga maji ya chumvi ili atapishwe, nami nikamzuia, kwa kuwa matapishi yanaweza kuingia mapafuni na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mtoto mdogo. Maziwa na mafuta hayazimi sumu, na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali, ambao nao daktari huutoa kwa baadhi ya dawa tu na hufaa zaidi ndani ya saa moja ya kwanza.

Bibi yake alipopigiwa simu ndipo akasema ni dawa yake ya kisukari, glibenklamidi. Kidonge kimoja tu cha dawa hiyo kinaweza kushusha sukari ya mtoto hadi apoteze fahamu, na hatari yake ni kwamba kushuka huko huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto alifika akiwa anacheka na kipimo cha kwanza cha sukari kilikuwa cha kawaida. Usiku alianza kutoka jasho shingoni, akawa mkali, kisha akalegea. Muuguzi akampima, akakuta sukari imeshuka, na akawekewa dripu ya glukosi papo hapo. Angekuwa nyumbani tungedhani ni usingizi.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari, mwambieni daktari hivyo mlangoni, mwombe sukari ipimwe mara kwa mara, na mkubali kulazwa hadi kesho yake, mpaka sukari ibaki sawa bila dripu.